Msimamizi amerudisha tamko langu la nafasi ya mtafiti: "Umejitaja, hujajieleza." Naomba tulisome pamoja

mkunga_mtafiti

Wandugu, hamjambo. Naomba msaada kwenye sura ya tatu ya tasnifu yangu. Mimi ni mkunga, na sasa nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Utafiti wangu unahusu akina mama waliokimbia kutoka Kongo, katika mojawapo ya makazi ya wakimbizi huku kusini-magharibi mwa Uganda. Nauliza kwa nini wengine huja kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi 6 au 7, na kwa nini wengine hujifungulia nyumbani ilhali kituo cha afya hakiko mbali. Nina mahojiano 22. Kati ya hayo, 15 niliyafanya mwenyewe kwa Kiswahili, na 7 yalifanywa na msaidizi wangu kwa Kibembe, kisha akayatafsiri.

Sura hiyo inadai tamko la kueleza mtafiti ni nani na anahusianaje na anaowahoji. Nililoandika ni hili:

> "Mtafiti ni mwanamke wa miaka 34, Mganda, Mnyankole, Mkristo, mkunga aliyesajiliwa na mama wa watoto wawili. Anazungumza Kiswahili, Kiingereza, Runyankole na Luganda. Mtafiti anatambua kwamba historia yake ingeweza kuathiri utafiti, lakini alihakikisha kwamba maoni yake binafsi hayakuathiri ukusanyaji wala uchambuzi wa data."

Msimamizi ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umejitaja, hujajieleza. Mambo haya yote yalifanya nini?" Nimekaa na swali hilo siku tatu. Nimetaja kabila, dini, kazi, hata watoto. Sijui anataka nini zaidi.

safari_ya_elimu

Dada, pole. Mimi niliandika la kwangu mwaka jana nilipoomba skolashipu na likapita. Anza na utotoni, eleza changamoto ulizopitia, kisha sema ni kwa nini umechagua fani hii na utaisaidiaje nchi. Usiogope kujisifu kidogo, wanapenda mtu anayejiamini.

mkunga_mtafiti

Ahsante ndugu, ila hilo ni tamko la kuombea nafasi ya masomo. Hili langu linakaa ndani ya tasnifu, kwenye sura ya mbinu.

takwimu_tupu

Dawa yake ni fupi. Pakua orodha ya COREQ, ile ya kukagua ripoti za tafiti za mahojiano. Ina vipengele 32, na 8 vya kwanza vinahusu mtafiti: nani alihoji, ana shahada gani, anafanya kazi gani, jinsia, mafunzo, kama alifahamiana na wahojiwa, wahojiwa walijua nini juu yake, na ana upendeleo gani. Jibu vyote 8, umemaliza. Kisha mtafute mtu wa pili aweke misimbo, zile lebo za maana, kwenye vipande vya mahojiano yako, mlinganishe. Mkikubaliana, upendeleo wako umetoka na ile sentensi yako ya mwisho inasimama.

mzee_wa_uwandani

takwimu_tupu, orodha umeitaja sawasawa. Ilitoka 2007 na majarida mengi ya afya huidai. Lakini soma tena tamko la dada. Vipengele kadhaa kati ya hivyo vinane tayari ameshavijibu, na msimamizi bado hajaridhika. COREQ huuliza kama umeripoti, haiulizi kama ulichoripoti kinaeleza lolote. Ukiijibu kama fomu ya mpakani, utapata fomu ya mpakani.

Na la mtu wa pili: watu wawili wanaweza kukubaliana kwa sababu wote ni wakunga. Hapo upendeleo haujatoka, umepata mwenzake.

Dada mkunga, nianze na sentensi yako ya mwisho. Umesema maoni yako hayakuathiri uchambuzi. Je, umechambua kwa njia gani?

mkunga_mtafiti

Uchambuzi wa mada, ule wa Braun na Clarke unaomtaka mtafiti ajitafakari.

mzee_wa_uwandani

Basi sentensi hiyo inapigana na mbinu yako. Hao wawili wanasema mada hazikai ndani ya data zikingoja kuokotwa. Mtafiti huzitengeneza kwa macho aliyonayo, na macho hayo ni chombo cha kazi. Ukisema macho yako hayakuhusika, mtahini atauliza mada zako zilitoka wapi. Kuna mapokeo mengine, yale ya fenomenolojia yaliyotoka kwa mwanafalsafa Husserl, ambayo kweli humtaka mtafiti aweke kando anachokijua. Hata huko hutakiwi kusema tu "niliweka kando", unaonyesha uliwekaje. Kwa hiyo ifute. Usiipambe, ifute.

Sasa swali la msimamizi: yalifanya nini? Usilijibu kwa kukaa na kujiwazia. Lijibu kwa kurudi kwenye maandishi ya mahojiano. Anza na jambo dogo kabisa: akina mama walikuita nani? Tafuta kila mahali walipokutaja, uhesabu.

mkunga_mtafiti

Nimerudi. Nimefanya kazi hii usiku kucha na sikutegemea nilichokiona.

Katika mahojiano 11 kati ya 15 wananiita "musawo", yaani mhudumu wa afya. Wanne waliobaki wananiita dada au mama fulani. Fomu ya ridhaa ilisema mimi ni "mwanafunzi wa chuo kikuu", na ndivyo nilivyojitambulisha. Lakini nilifanya kazi katika kituo cha afya cha hapo hapo kwa miaka miwili kabla ya kwenda kusoma. Wanawake 6 wanasema wazi kwenye rekodi kwamba wananikumbuka. Mmoja anasema, "Wewe ndiye ulinishikia huyu," akimwonyesha mtoto.

Halafu mmoja aliniuliza, "Dada, wewe ni afande?" Nilicheka nikaendelea na swali linalofuata.

binti_nsambya

Hilo la afande mimi nalielewa, na lazima liingie. Hapa Uganda Kiswahili kina historia yake. Kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wengi wa Buganda bado wanakisikia kama sauti ya askari wa vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Ndiyo maana, hata baada ya Katiba kurekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, watu walisitasita. Bibi yangu ukimsemesha Kiswahili ananyamaza. Kwa hiyo dada andika kwamba lugha yako iliwaogofya wahojiwa, walikusikia kama mwanajeshi.

kivu_yetu

Samahani dada binti_nsambya, hapo unasema juu ya bibi yako, si juu ya mama zetu. Mimi ni wa Kivu Kusini kule Kongo, nimefika Uganda nikiwa kijana, na nimekuwa msaidizi wa watafiti wengi. Kwetu Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa, ni lugha ambayo mama anamwimbia mtoto. Lugha ya askari kwetu ilikuwa Lingala. Mtu akikusemesha Lingala kwa ukali usiku, hapo ndipo moyo unadunda. Mtafiti akiandika "Kiswahili kiliwaogofya wakimbizi wa Kongo" nitajua hakuwasikiliza.

binti_nsambya

Nimekubali, ndugu. Sikuwaza hivyo. Lakini basi afande imetoka wapi?

mkunga_mtafiti

Nimeisikiliza rekodi tena. Baada ya mimi kucheka, mama aliendelea kwa sauti ya chini, na mimi sikuiandika sehemu hiyo kwa kudhani ni maneno ya pembeni. Anasema: "Unasema Kiswahili kama wale polisi ba kwa geti."

Wandugu, baba yangu alikuwa polisi. Nimezaliwa na kukulia katika kambi ya polisi, na Kiswahili changu nilikipata pale, kwenye foleni ya maji na kwa watoto wa makabila yote. Sijawahi kufikiri kwamba kina lafudhi. Kwenye tamko niliandika "anazungumza Kiswahili" kana kwamba ni faida tupu.

mzee_wa_uwandani

Umeona? Hii ndiyo tofauti ya kujitaja na kujieleza. "Anazungumza Kiswahili" haimwambii msomaji chochote. Kwa bibi wa Buganda kingekuwa na maana moja, kwa mama wa Kivu ina maana nyingine, na kwa mama wa Kivu aliyekaa miaka mingi mbele ya geti lenye polisi wa Uganda ina maana ya tatu. Sifa yako haina athari yenyewe peke yake. Athari huzaliwa kati yako na aliyekaa mbele yako. Kwa hiyo kila unachotaja sharti kiandamane na nani, wapi, na kilifanya nini.

Ila usivuke mipaka. Una mama mmoja aliyesema hivyo. Andika mmoja. Usiandike "wahojiwa waliniona kama polisi".

Sasa nenda kwenye neno "musawo", maana hapo ndipo penye mzigo. Safari hii usitazame maneno yao. Tazama yako. Tafuta mahali ulipoacha kuuliza ukaanza kufundisha.

mwana_wa_gulu

Naomba niingize la kwangu wakati dada anatafuta. Mimi nilihoji wanaume waliotekwa na waasi wa LRA wakiwa watoto. Niliandika kwamba ni Muacholi niliyekulia katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Mtahini akataka zaidi: je, katika familia yako kuna aliyetekwa? Yupo. Lakini nikiandika ni nani, kijijini kwetu kila mtu atamjua, na yeye hakuniruhusu. Mlifanyaje hapo? Je, tamko lisipokuwa kamili ni uongo?

mzee_wa_uwandani

Mwanangu, si uongo. Msomaji ana haki ya kujua athari, hana haki ya kuijua familia yako. Ungeweza kuandika: "Nina uhusiano wa kifamilia na matukio haya ambao sitaueleza ili kulinda watu wengine. Kwa sababu yake sikuuliza juu ya siku ya kutekwa, na wahojiwa walipoifikia wenyewe mara nyingi niligeuza mazungumzo." Hapo mtahini anajua data zako ni nyembamba wapi na kwa nini. Hilo ndilo analolihitaji.

mwana_wa_gulu

Kweli niligeuza mazungumzo. Umejuaje?

mzee_wa_uwandani

Nami niliwahi kugeuza.

mkunga_mtafiti

Nimemaliza kuyapitia yote 15. Katika 9 nimefundisha. Naweka kipande kimoja kama kilivyo:

> Mama: Ule wa pili nilizalia ku nyumba. Mvua ilikuwa.
> Mimi: Lakini mama, unajua ukizalia nyumbani damu inaweza kutoka nyingi na hakuna wa kukusaidia? Ni vizuri uje mapema.
> Mama: Ndiyo, musawo.
> Mimi: Kwa hiyo safari ijayo utakuja?
> Mama: Nitakuja.

Baada ya hapo majibu yake yote ni ya neno moja au mawili, na mahojiano yanaisha dakika 8 baadaye. Mahali hapa niliweka misimbo miwili, "hali ya hewa" na "ukosefu wa elimu".

Sasa nimefungua mahojiano ya msaidizi wangu. Mama mwingine, kwa tafsiri yake kutoka Kibembe, anasema: "Mvua ni maneno ya kumwambia musawo." Anaeleza kwamba mara ya kwanza alikwenda bila glavu, wembe na nailoni ya kulalia, akakemewa mbele ya wenzake, akaapa kutorudi hadi awe na vyote.

Nikahesabu tena. Kukemewa kunatajwa katika mahojiano 5 kati ya 7 ya msaidizi. Katika yangu ni 2 kati ya 15. Nilipoona hivyo nilifunga kompyuta.

takwimu_tupu

Dada, pole kwa uzito huo, ila usikimbilie kusema tofauti hiyo imeletwa na wewe tu. Wale 7 ni wasemaji wa Kibembe, pengine wanakaa upande mwingine wa makazi, pengine wanatibiwa kituo kingine chenye wahudumu wengine. Hukuwagawa kwa bahati nasibu. Huwezi kutenga athari ya mhojaji na athari ya kundi.

mzee_wa_uwandani

Hapo takwimu_tupu amesema la maana sana, na liingie kwenye tamko karibu kama alivyolisema. Unaripoti tofauti, unataja maelezo mawili yanayowezekana, unasema data zako haziwezi kuyatenganisha. Kisha unaonyesha kilichokufanya uegemee moja: kile kipande cha mvua, kwa sababu pale tunaona mahojiano yakifunga mbele ya macho yetu baada ya somo lako. Hesabu peke yake ingekuwa dhaifu.

Na msimbo wako wa "ukosefu wa elimu" uliutoa wapi? Mama hakusema hajui.

mkunga_mtafiti

Niliutoa kliniki. Ndivyo tunavyoandika kwenye taarifa za mwezi. Nimepitia orodha yangu ya misimbo na kuna mitatu iliyo lugha ya wodi moja kwa moja: "ukosefu wa elimu", "uzembe wa mama" na "kuchelewa kujiandikisha". Hakuna mama hata mmoja aliyetumia maneno hayo. Chini ya "uzembe wa mama" nimekusanya vipande 14. Nikivisoma upya, 9 kati yake ni mama anayekwepa aibu ya kuja bila vifaa, au anayengoja mume arudi na pesa za kuvinunua. Huyo si mzembe, anapanga.

kivu_yetu

Dada, umefanya kazi nzuri kurudi nyuma. Lakini kuna mtu hujamtaja. Msaidizi wako. Tamko lako linasema "mtafiti" mmoja, na mahojiano 7 si yako, na tafsiri si yako. Watu wanadhani mkimbizi akimhoji mkimbizi mwenzake basi ukweli wote unatoka. Hapana. Mimi nilipokuwa nahoji, mama aliniambia maneno ya kituo bila kuogopa, lakini mambo ya dawa za miti, au mimba isiyo ya mume, alinificha, maana mimi narudi kulala mtaa ule ule. Mgeni anaondoka na siri, jirani anabaki nayo. Wewe musawo walikuficha kitu kimoja, msaidizi wakamficha kingine.

mkunga_mtafiti

Ni kweli. Dawa za miti zinatajwa katika mahojiano yangu 4, na katika yake hakuna hata moja. Nilidhani ni tofauti ya mila.

binti_nsambya

Inaweza kuwa mila pia, kama takwimu_tupu alivyosema. Usiliue wazo hilo.

mkunga_mtafiti

Hili ndilo tamko jipya. Nimelitoa kwenye "mtafiti alifanya" nikaliandika kwa "nilifanya". Lisomeni kwa ukali.

> "Mimi ni mkunga. Kabla ya utafiti huu nilifanya kazi miaka miwili katika kituo cha afya kinachohudumia wanawake niliowahoji. Fomu ya ridhaa ilinitambulisha kama mwanafunzi, lakini wanawake 6 kati ya 15 niliowahoji walisema wananikumbuka, na 11 waliniita 'musawo'. Kwa hiyo wengi wao walikuwa wakizungumza na mhudumu, hata pale mimi nilipodhani nazungumza kama mtafiti.
>
> Ukunga ulinifungulia milango na kunisaidia kuelewa maelezo ya uchungu na uzazi bila kuyakatiza. Pia ulifunga baadhi ya mazungumzo. Katika mahojiano 9 niliacha kuuliza nikaanza kutoa ushauri, na baada ya hapo majibu yalikuwa mafupi. Kukemewa na wahudumu kulitajwa katika mahojiano yangu 2 kati ya 15, na katika 5 kati ya 7 yaliyofanywa na msaidizi wa utafiti. Makundi hayo mawili yalitofautiana pia kwa lugha na huenda kwa kituo wanachotumia, hivyo siwezi kusema tofauti yote imetokana na mimi. Hata hivyo, kwa sababu ya namna mahojiano hayo 9 yalivyofunga, nachukulia ukimya juu ya kukemewa katika data zangu kama jambo lisilojulikana, si kama ushahidi kwamba halikutokea.
>
> Misimbo yangu mitatu ya mwanzo ilitoka katika lugha ya taarifa za kliniki. Niliivunja na kuisoma upya data yote iliyokuwa chini yake. Mada ya 'kungoja hadi uwe na vifaa' ilitokana na kazi hiyo.
>
> Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi nilikokulia. Mwanamke mmoja alikifananisha na cha polisi wa getini. Sijui wangapi walisikia hivyo bila kusema.
>
> Msaidizi wa utafiti ni mkimbizi na jirani wa wahojiwa. Dawa za miti hazikutajwa katika mahojiano yake hata mara moja, na katika yangu zilitajwa katika mahojiano 4. Huenda ni tofauti ya mila, na huenda ni tahadhari mbele ya jirani.
>
> Nilipokuwa kazini, nami niliwahi kuwakemea wanawake waliokuja bila vifaa."

takwimu_tupu

Dini, kabila na watoto wamekwenda wapi?

mkunga_mtafiti

Nilitafuta alama zao kwenye maandishi yote. Sikuona kabila wala dini ikifanya kazi mahali popote. Watoto nilitajiwa mara mbili, kama salamu tu. Nimeviondoa.

mzee_wa_uwandani

Kuona alama ni jambo moja, alama kuwepo ni jingine, kwa hiyo mtahini akikuuliza usiseme havikuwa na athari. Sema hukuona. Lakini kuviondoa ni sawa, vilikuwa mapambo.

Marekebisho mawili. Hesabu za kukemewa na za dawa za miti zisiishie hapa. Zirudie kwa sentensi moja moja kwenye sura ya matokeo, pale pale mada hizo zinapojadiliwa, kwa sababu msomaji wa sura ya nne atakuwa ameshasahau sura ya tatu. Na "kituo cha afya kinachohudumia wanawake niliowahoji" ni sawa, ila angalia usije ukataja kituo, miaka na eneo mahali pengine kwenye tasnifu. Vituo ni vichache. Wenzako wa zamu hawakutoa ridhaa yoyote, na msomaji wa hapo hapo atawajua waliokemea.

kivu_yetu

Na wale mama wawili waliokutajia kukemewa, usiweke umri wao na idadi ya watoto chini ya nukuu. Kituo kitawatambua siku moja.

mkunga_mtafiti

Ahsanteni. Nilikuwa nimeweka umri na idadi ya watoto kwenye kila nukuu. Nimeondoa. Pia taarifa ya mbinu ilitaja kanda ya makazi, nimeiondoa.

binti_nsambya

Mimi ile sentensi ya mwisho ningeiondoa pia. Dada, umekuwa mkweli na nakuheshimu, lakini inaanguka pale kama ungamo. Msomaji anatoka kwenye tamko akikuhurumia au kukuhukumu wewe, na akina mama wamesahaulika. Hata mzee alituambia kila sifa iandamane na kazi iliyoifanya. Hiyo haina kazi, imening'inia.

mwana_wa_gulu

Mimi ningeibakiza. Kama alikemea, basi kuna sababu ya ziada ya kwa nini hakuchimba pale mama aliposema mvua. Nami sikuchimba.

mkunga_mtafiti

Hapo ndipo ninapokwama. Nikiiandika "kwa sababu niliwahi kukemea, niliepuka kuuliza juu ya kukemewa", nitakuwa nadai kitu ambacho sina uhakika nacho. Sikumbuki nikiepuka. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba mwongozo wangu wa maswali ulikuwa na maswali 12 na hakuna hata moja lililouliza walivyopokelewa kituoni. Niliuandika mwenyewe.

mzee_wa_uwandani

Basi hilo ndilo la kuandika. "Mwongozo wa maswali 12 nilioutunga haukuwa na swali juu ya walivyopokelewa kituoni, mahali ambapo mimi mwenyewe niliwahi kuwa mpokeaji." Mwongozo uko kwenye kiambatisho, kila mtu anaweza kuukagua. Kukemea kwako mwenyewe kukitajwa au kusitajwe, sidhani kama kuna jibu moja. Mimi ningelitaja hilo, binti_nsambya asingelitaja, na sote tuna sababu. Zungumza na msimamizi uso kwa uso kabla hujaamua.

binti_nsambya

Kwa sentensi hiyo ya mwongozo mimi naridhika. Kwa ungamo bado siridhiki.

kivu_yetu

Swali la mwisho kwangu. Umeandika juu ya msaidizi wako kwamba ni mkimbizi, ni jirani, na kwamba huenda walimficha mambo. Amesoma?

mkunga_mtafiti

Hapana. Nampigia leo.

mkunga_mtafiti

Nimempigia, nikamsomea aya yake polepole mara mbili. Neno "mkimbizi" amelikubali. "Jirani" amelikataa. Anasema wengi wao hakai nao karibu, ila watatu kati ya wale 7 wanasali naye kanisa moja, na yeye ndiye anayesimamia kikundi cha akina mama pale. Katika kanisa lao dawa za miti zinakatazwa wazi kila Jumapili. Hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Nilimwuliza tu kama anajua Kibembe.

Aya yake nimeifuta, tunaiandika upya pamoja Jumamosi. Sasa hivi nimefungua yale mahojiano matatu.